Gari Lililosimama Kabla ya Breki

Dereva yuko mwendo wa pole kabisa, maili 4 kwa saa, ambazo ni kama kilomita 6 na nusu. Mtu mwenye haraka anaweza kutembea sambamba na gari hilo. Dereva anakanyaga breki. Je, gari litakwenda umbali gani kabla ya kusimama? Mstari uliochorwa na kompyuta unajibu: futi hasi 1.8. Maana yake gari lirudi nyuma zaidi ya nusu mita na kusimama mahali lilipokuwa kabla dereva hajagusa breki.

Kompyuta haikukosea kujumlisha. Hesabu ni sahihi hadi desimali ya mwisho. Kilichokosewa ni kumpa mstari mnyoofu kazi isiyo yake, na kosa la namna hiyo halionekani kwenye jedwali la majibu. Linaonekana kwenye mchoro mmoja ambao wengi wetu huuruka: mchoro wa mabaki.

Data ninayoizungumzia ni ya zamani. Ilikusanywa Marekani miaka ya 1920, na mwanauchumi wa kilimo Mordecai Ezekiel aliiweka katika kitabu chake cha takwimu cha mwaka 1930. Leo imo ndani ya programu ya takwimu iitwayo R, kwa jina `cars`, na yeyote mwenye kompyuta anaweza kuifungua bila kulipa senti. Ina vipimo 50. Kila kipimo kina vitu viwili tu: gari lilikuwa na mwendo gani kwa maili kwa saa, na lilichukua futi ngapi kusimama. Mwendo mdogo kabisa ni maili 4 na mkubwa ni 25, yaani kilomita 40 kwa saa. Futi moja ni kama sentimita 30.

Ukizichora nukta hizo 50, mwendo chini na umbali pembeni, zinapanda kuelekea kulia kama ulivyotarajia. Regresheni ni kazi ya kupitisha mstari katikati ya nukta hizo. Katika mistari yote inayowezekana, unachaguliwa ule ambao, ukipima pengo la kila nukta kwenda kwenye mstari, ukazidisha kila pengo kwa lenyewe na kujumlisha, jumla inakuwa ndogo kuliko ya mstari mwingine wowote. Kwa magari haya mstari ni huu:

```
dist = -17.58 + 3.93 * speed
```

Kwa maneno: kila maili moja ya mwendo inaongeza futi 3.93 za kusimama. Kipimo kiitwacho R mraba, ambacho watu hukitangaza kwanza kama matokeo ya mtihani, ni 0.65. Mwendo peke yake unaeleza asilimia 65 ya tofauti za umbali kati ya gari na gari. Wengi huridhika hapo na kufunga kompyuta.

Mwaka 1973 mtaalamu wa takwimu Francis Anscombe alionyesha kwa nini kuridhika huko ni hatari. Alitunga seti nne za nukta, kila seti ikiwa na nukta 11. Mstari wa regresheni ulikuwa uleule kwa zote nne na R mraba ileile, kama 0.67. Ukizichora, ya kwanza ni wingu la kawaida, ya pili ni upinde usio na shaka, na katika mbili zilizobaki nukta moja tu iliyojitenga ndiyo iliyouvuta mstari. Namba zilikuwa mapacha wanne, lakini sura hazikufanana hata kidogo.

Sasa mabaki ni nini? Chukua gari mojawapo lililokuwa na mwendo wa maili 24. Mstari unasema litasimama baada ya futi 76.8. Lenyewe lilikwenda futi 120. Tofauti yake, futi 43.2, ndiyo baki lake: kilichobaki baada ya mstari kusema lote ulilonalo. Gari jingine, la maili 20, lilitabiriwa futi 61 likasimama baada ya 32. Baki lake ni hasi 29. Kila gari kati ya yale 50 lina baki lake, chanya likipita utabiri, hasi likiwa chini yake.

Fundi mwashi akitaka kujua kama ukuta umepinda, haukodolei macho ukuta mzima. Anavuta uzi kutoka kona hadi kona, kisha anatazama nafasi kati ya uzi na tofali. Mchoro wa mabaki ni kazi hiyohiyo. Tunaondoa mteremko wa mstari, tunaulaza uwe uzi wa sifuri, na kuchora mabaki juu na chini yake. Kwenye mchoro wa kwanza jicho linavutwa na ule mwinuko mkubwa. Hapa mwinuko umeondolewa, na dosari zilizokuwa zimejificha ndani yake zinabaki peke yake. Katika R ni mistari mitatu:

```
m <- lm(dist ~ speed, data = cars)
plot(fitted(m), resid(m))
abline(h = 0)
```

Angalia kwamba chini ya mchoro tumeweka `fitted(m)`, yaani umbali uliotabiriwa, na si umbali uliopimwa. Nililikosea hili nilipokuwa najifunza, na lilinigharimu jioni nzima. Niliweka vipimo halisi chini, nikaona mabaki yanapanda kwa mstari safi kuelekea kulia, nikaamini nimegundua kasoro kubwa. Sikuwa nimegundua kitu. Nukta yenye kipimo kikubwa sana kwa kawaida ina baki kubwa pia, kwa sababu baki ni sehemu ya kipimo chenyewe. Mwinuko huo utauona hata regresheni ikiwa safi kabisa. Ukitumia umbali uliotabiriwa, mwinuko wa moja kwa moja hauwezi kutokea, maana namna mstari ulivyochaguliwa inaufuta. Jumla ya mabaki ni sifuri na mteremko wake ni sifuri, siku zote. Kwa hiyo ukitazama mchoro huu usitafute mteremko. Tafuta mpindo, na tafuta upana.

Tuanze na mpindo. Kama uhusiano wa mwendo na umbali ni mnyoofu kweli, mabaki yanatakiwa kutapakaa juu na chini ya sifuri bila mpango, mwanzo, katikati na mwisho. Nimeyagawa makundi matatu. Magari 9 ya mwendo usiozidi maili 10: wastani wa mabaki yao ni chanya, futi 3.2. Magari 34 ya maili 11 hadi 20: wastani ni hasi, futi 2.3. Magari 7 ya zaidi ya maili 20: chanya tena, futi 7.2. Juu, chini, juu: sura ya bakuli. Mstari unatabiri umbali mdogo mno kwenye ncha zote mbili, na mkubwa mno katikati. Ndiyo maana mwanzoni kabisa ulizama chini ya sifuri ukalirudisha gari nyuma.

Sababu yake inajulikana. Nishati ya gari linalokwenda hukua kwa mraba wa mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, breki zina kazi mara nne. Juu ya hapo kuna umbali ambao gari huenda wakati dereva bado hajakanyaga, na huo hukua sawia na mwendo. Ukijumlisha viwili hivyo unapata mkunjo unaokwenda juu, ambao mstari mnyoofu hauwezi kuufuata hata ukibembelezwa.

Hata hivyo nisiutie chumvi mpindo huu. Katika yale magari 7 ya mwisho yumo yule wa futi 120. Ukimtoa, wastani wao unashuka kutoka futi 7.2 hadi 1.2. Na ukiongeza mraba wa mwendo kwenye hesabu kisha ukaupima rasmi, jibu ni kwamba kama pasingekuwa na mpindo wowote, bahati tupu ingeweza kuleta mpindo wa kiasi hiki au zaidi karibu mara 14 katika kila 100. Mahakama isingemfunga mtu kwa ushahidi huo peke yake. Ninachoutegemea mimi ni kwamba mchoro na fizikia vinasema jambo moja.

Upana ndio wenye kelele zaidi. Rudi kwenye mabaki ya magari ya polepole, yale 9 ya maili 10 kushuka chini. Yote yamo kati ya hasi 7.8 na chanya 12.3. Sasa tazama yale 19 ya maili 18 kwenda juu: yanaanzia hasi 29 hadi chanya 43. Kwenye mchoro nukta zinaanza zikiwa zimebanana kushoto, kisha zinafunguka kadiri unavyokwenda kulia, kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa iliyolazwa ubavu. Hapa pia sababu haihitaji kutafutwa mbali. Breki iliyochoka kiasi cha kurefusha safari ya kusimama kwa asilimia 20 itaongeza futi 2 kwenye safari ya futi 10. Kwenye safari ya futi 80, breki ileile itaongeza futi 16. Udhaifu ni mmoja, lakini mwendo unauzidisha.

Mtu anaweza kuuliza: faneli inadhuru nini, ikiwa mstari bado unapita katikati? Ni kweli kwamba upana usio sawa peke yake hauupotoshi mstari kwenda upande mmoja. Kinachoharibika ni maneno tunayoyasema kuhusu uhakika wetu. Kompyuta huyachukua mabaki yote 50, ya magari ya pole na ya kasi, ikayachanganya kwenye chungu kimoja na kutoa kipimo kimoja cha mtawanyiko. Hapa ni futi 15.4. Kisha, ukiomba utabiri wenye mipaka, inakupa takriban mara mbili ya kipimo hicho kila upande, karibu futi 31, na inakupa hivyo kwa kila mwendo.

Kwa gari la maili 10, mipaka hiyo ni mikubwa kupita kiasi, maana hakuna gari la polepole hata moja lililotoka nje ya futi 13. Kwa gari la maili 24, ni midogo: lile la futi 120 liko futi 43 juu ya mstari. Tunamwonya mno dereva asiye na hatari, na kumtuliza yule aliye nayo. Hitilafu hiyohiyo inaingia kwenye kipimo cha uhakika wa ule mteremko wa 3.93, na kwenye kila hukumu inayojengwa juu yake.

Kuna tatizo moja kwa upande wa mtazamaji. Jicho la binadamu huona sura hata mawinguni. Ukimpa mtu nukta 50 zilizotupwa ovyo, atakuonyesha bakuli, faneli, na pengine ramani ya Ziwa Tanganyika. Dawa ninayoipenda ni ile ambayo polisi huitumia: gwaride la utambuzi. Unaiagiza kompyuta itunge umbali wa uongo 50 kwa kufuata mstari uleule, ikiongeza makosa ya bahati yenye upana sawa kwa kila mwendo. Kisha inapitisha mstari mpya na kutoa mabaki mapya.

```
uongo <- simulate(m)[[1]]
m0 <- lm(uongo ~ speed, data = cars)
plot(fitted(m0), resid(m0))
```

Rudia mara 19. Mchoro wa kweli uchanganye katikati ya hiyo ya uongo, jumla iwe 20, kisha umwite mtu ambaye hajauona na umuulize ni upi tofauti na wenzake. Kama hakuna kasoro, nafasi yake ya kuuotea ni 1 kwa 20. Akiunyooshea kidole moja kwa moja, una sababu ya kuamini kilichoonekana. Usijiite mwenyewe kuwa shahidi, ulishamwona mtuhumiwa.

Zipo pia hesabu za kupima faneli bila jicho. Inayotajwa sana ina majina ya Breusch na Pagan, waliyoichapisha mwaka 1979. Wazo lake ni jepesi: zidisha kila baki kwa lenyewe, kisha uangalie kama miraba hiyo inakua kadiri utabiri unavyokua. Kwa magari yetu, hesabu yao ya asili inasema upana wa namna hii ungetokea kwa bahati kama mara 3 tu kwa 100. Toleo lililorekebishwa baadaye, lisilodai kwamba makosa yafuate umbo la kengele, linasema mara 7. Moja liko ndani ya ule mpaka maarufu wa 5, jingine nje. Ndiyo maana sipendi kumwachia hesabu neno la mwisho: faneli ni ileile, na mchoro unakuonyesha iko wapi, inaanzia mwendo gani na ni nukta zipi zinazoifungua.

Tufanye nini basi? Ukijua kwamba umbali hukua kwa mraba wa mwendo, njia moja inajileta yenyewe. Badala ya kutabiri umbali, tabiri kipeuo cha pili cha umbali. Gari la futi 100 linakuwa 10, la futi 16 linakuwa 4. Umbali mkubwa unabanwa zaidi kuliko mdogo, hivyo mkunjo unanyooka na mdomo wa faneli unafungwa kwa kitendo kimoja. Si kila mara utapata ndege wawili kwa jiwe moja namna hii. Kwenye mambo ya fedha, kwa mfano mishahara au bei za viwanja, mara nyingi logi ndiyo inayofaa kuliko kipeuo. Na kama uhusiano tayari ni mnyoofu lakini una faneli, usiupinde kwa kuubadilisha. Ni afadhali kuupa uzito mdogo upande uliotawanyika, au kutumia vipimo vya uhakika visivyodai upana sawa.

```
m2 <- lm(sqrt(dist) ~ speed, data = cars)
```

Mstari mpya unasema kipeuo cha umbali ni 1.277 kujumlisha 0.3224 kwa kila maili ya mwendo. Turudi kwa dereva wetu wa maili 4. Kipeuo chake ni 2.57, na ukikizidisha kwa chenyewe unapata futi 6.6. Mita mbili. Gari sasa linasimama mbele ya dereva, linapotakiwa kuwa.

Halafu rudia mchoro wa mabaki, maana dawa nayo hukaguliwa. Magari 9 ya polepole yamo kati ya hasi 1.5 na chanya 1.3. Yale 19 ya kasi yamo kati ya hasi 2.1 na chanya 2.1. Mwanzo upana wa kundi la pili ulikuwa zaidi ya mara tatu na nusu ya la kwanza. Sasa haufiki mara moja na nusu, na sehemu ya tofauti hiyo inatokana tu na kwamba kundi la pili lina nukta nyingi zaidi. R mraba imekuwa 0.71, lakini usiilinganishe na ile 0.65, kwa sababu moja inapima futi na nyingine inapima vipeuo vya futi.

Ndani ya mwendo uliopimwa, mistari hii miwili haitofautiani sana kwa magari ya katikati. Ni ukitoka nje ndipo inapoachana. Kilomita 50 kwa saa ndiyo kikomo cha mijini, Kenya na Tanzania. Kwa mwendo huo mstari mnyoofu unasema magari yale yangesimama baada ya mita 32. Wa kipeuo unasema 39. Kwa kilomita 80, kikomo cha mabasi ya abiria, wa kwanza unasema mita 54 na wa pili 91. Breki za leo si za miaka ya 1920, na hakuna kati ya magari yale lililopimwa kwa kasi hiyo, kwa hiyo usiende na namba hizi barabarani. Nimezitaja ili uone kwamba bakuli lenye kina cha futi chache kwenye mchoro linaweza kuwa pengo la mita 37 ukiufuata mstari mbele ya ulikopimwa.

Limebaki jambo moja. Kwenye mchoro mpya ipo nukta iliyopanda peke yake juu ya wenzake. Ni gari la mstari wa 23 katika jedwali: mwendo maili 14, umbali futi 80. Magari mengine matatu yenye mwendo huohuo yalisimama baada ya futi 26, 36 na 60. Baki lake ni karibu mara tatu ya mtawanyiko wa kawaida, na kipeuo hakikulitibu kwa sababu halikuwa sehemu ya mkunjo wala ya faneli. Huenda barabara ilikuwa na maji, huenda tairi lilikuwa kipara, huenda aliyeandika alikosea tarakimu. Jedwali halina safu ya barabara, ya tairi wala ya dereva. Wapo watakaokushauri ulifute ili mchoro upendeze. Mimi ningeliacha, ningefanya hesabu mara mbili, likiwemo na lisipokuwemo, na ningechapisha majibu yote mawili.